Tukio la Kuagana Linapogoma: Kutafuta Kasoro Katika Sehemu ya Mwisho ya Hadithi Ndefu

Hadithi yangu ilikuwa na sehemu 72. Kila Ijumaa jioni nilituma sehemu moja ya maneno kama elfu moja kwa wasomaji wangu wa hapa Kigoma, kwenye simu, nao wakawa wanawapelekea ndugu zao wa Urambo na Tabora. Sehemu ya 72 niliiandika mara tano, na kila rasimu niliwapa watu wanne waisome kabla ya kuituma. Rasimu nne za kwanza ziligoma, kila moja kwa ugonjwa wake. Naandika hapa dalili walizoniambia wasomaji, chanzo nilichokigundua na nilivyotengeneza. Nazungumzia tukio moja tu: pale wahusika ambao msomaji ameishi nao zaidi ya mwaka wanapoachana, mambo yao yakiwa yamekwisha lakini maisha yao yakiendelea.

Ili tuelewane, hadithi yenyewe ni hii. Zuwena anauza dagaa mwalo wa Kibirizi. Anamlea Bahati, ambaye mama yake mzazi alivuka ziwa kwenda Kalemie mtoto akiwa na miaka saba. Mama huyo aliandika barua kumwita mwanawe. Zuwena akaificha miaka kumi na moja, akiogopa kumpoteza. Sehemu ya 58 Bahati anaikuta barua ndani ya sanduku la kanga. Yupo pia Mzee Rashidi, fundi wa mashine za boti, aliyemfundisha Bahati kazi. Katika sehemu ya mwisho Bahati anapanda treni kwenda Tabora, na Zuwena anamsindikiza stesheni.

Kabla ya kugusa chochote: tenga deni na njia

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurekebisha sentensi kabla ya kujua ugonjwa uko wapi. Chukua karatasi, piga mstari katikati. Upande mmoja andika madeni: nani anamdai nani nini kutokana na yale yaliyotokea ndani ya hadithi. Ukweli uliofichwa ni deni, na ahadi, tusi na wema usiorudishwa ni madeni pia. Upande wa pili andika njia: mambo ambayo mhusika anaweza kuyafanya baada ya ukurasa wa mwisho.

Madeni yote makubwa lazima yalipwe, na mengi yalipwe kabla ya tukio la mwisho. Njia hazilipwi. Msomaji anatakiwa azione zinapoanzia, basi. Karibu kila kasoro ninayoieleza hapa ilitokana na kuchanganya pande hizi mbili: nililiacha deni wazi nikidhani ndio mwisho wenye nafasi ya kuwaza, au niliifunga njia nikidhani namtendea msomaji haki.

Dalili: "Mbona wanaagana kama wanasoma risala?"

Maneno haya ni ya dada mmoja anayeuza migebuka, msomaji wangu tangu sehemu ya kwanza. Rasimu ya kwanza ilikuwa na maneno 2,300, zaidi ya mara mbili ya sehemu ya kawaida. Zuwena aliomba radhi kwa ajili ya barua, akaeleza kwa nini aliificha. Bahati akasamehe kwa aya mbili. Mzee Rashidi akatoa nasaha. Treni ikapiga honi mara tatu, na kila honi ilimpa mtu mmoja nafasi ya kuhutubia.

Nilidhani shida ni mazungumzo kuwa marefu, nikayapunguza. Yakawa mafupi na bado yalikuwa risala. Karatasi ya madeni ndiyo iliyonionyesha chanzo: deni kubwa kuliko yote, lile la barua, lilikuwa limefika stesheni halijalipwa. Watu wenye jambo zito kati yao hawawezi kuagana. Kwanza watalimaliza jambo, na kulimaliza kunahitaji maneno mengi. Tukio likabebeshwa kazi mbili, kusuluhisha na kuachana, nayo ya pili ikamezwa na ya kwanza.

Tiba ilikuwa kuurudisha usuluhishi nyuma. Niliupeleka sehemu ya 69, usiku, jikoni kwa Zuwena, wakati hakuna treni inayosubiri. Pale neno "nisamehe" linatamkwa, na linatamkwa mara moja tu katika hadithi nzima. Sehemu za 70 na 71 zikawa za kupumua. Unaweza kujipima hivi: pitia tukio la mwisho ukifuta kila sentensi inayotaja kosa la zamani. Ukifuta na tukio likabaki limesimama, uko salama. Likianguka, suluhu iko mahali pasipo pake.

Sasa likaja swali gumu zaidi. Kama suluhu imeshapita, tukio la mwisho litabeba nini? Bila kitu chochote linakuwa tupu, watu wawili wakipungiana mikono. Linahitaji alama ndogo ya kuonyesha kwamba suluhu imeshika, na alama hiyo isiwe hotuba.

Mimi niliikuta kwenye jinsi wanavyoitana. Tangu utotoni Bahati alimwita Zuwena "Mama". Baada ya kuikuta barua akaanza kumwita "Bi Zuwena", kwa heshima zote, na heshima hiyo ndiyo iliyomuumiza. Hata jikoni, sehemu ya 69, alisamehe akisema "Bi Zuwena". Neno "Mama" nikaliweka akiba hadi treni inaposogea. Sisi tunajua mtu anapobadilisha namna ya kukuita ni nini kimetokea, kwa hiyo sikuhitaji kueleza.

Alama ya namna hii ina hatari yake. Inafanya kazi tu kama haikuvuja kabla. Nilitafuta neno "Mama" katika sehemu zote kuanzia 58, nikalikuta mara mbili kinywani mwa Bahati. Moja ilikuwa sehemu ya 67, ambayo sikuwa nimeituma, nikalifuta. La pili lilikuwa sehemu ya 61: "Mama, chai imechemka." Hiyo ilishasomwa na watu. Niliumia, kwa sababu ulikuwa uzembe wangu mtupu. Nikaamua kulikubali. Sehemu ya 64 nikamwandika Zuwena akiwa macho usiku, akikumbuka kwamba juzi ulimi wa mtoto ulisahau, akasema "Mama", na asubuhi yake akarudi kwenye "Bi Zuwena". Kosa likawa kumbukumbu ya Zuwena, na msomaji akaanza kulisubiri neno lile pamoja naye.

Kwa hiyo, kama unatuma hadithi kwa vipande, usitume sehemu kumi za mwisho kabla tukio la kufunga halijaandikwa. Mimi nilisimama nikiwa nimetuma 63. Wasomaji walinung'unika wiki sita, lakini bila nafasi ile nisingeweza kutengeneza chochote kati ya haya.

Dalili: "Sasa ikawaje?"

Swali hili huja kwa namna mbili, na mwandishi asipozitofautisha atamtibu mtu asiyeumwa. Kuna "ikawaje" ya hamu na kuna "ikawaje" ya hasira. Zinasikika sawa. Ukitaka kujua ni ipi, mrudishie msomaji swali: "Wewe unadhani ikawaje?" Akikujibu, akakupa na sababu kutoka ndani ya hadithi, mwisho wako uko wazi kama unavyotakiwa. Akisema "Mimi nitajuaje, wewe ndiye mwandishi," umemwachia shimo.

Rasimu ya pili iliacha shimo. Nilitaka msomaji awaze: je, Bahati atabaki Tabora, au siku moja atavuka ziwa kumtafuta mama yake mzazi? Wasomaji watatu kati ya wanne hawakuwa na la kusema. Niliporudi nyuma niliona sababu. Safari ya Kalemie ilitajwa kwa uzito sehemu ya 58, ikapotea kabisa. Na Tabora ilikuwa jina tu. Hakuna mahali ambapo Bahati alionekana akiitamani Tabora kwa lolote. Msomaji hawezi kusimama kwenye njia panda ambayo njia zake mbili hajawahi kuziona.

Nikaziandaa zote mbili, kila moja kwa kitendo kimoja kidogo. Sehemu ya 66 Bahati anatengeneza mashine ya boti inayokwenda Kongo, anamuuliza nahodha nauli ya Kalemie, kisha anaendelea kukaza nati bila kusema kitu. Sehemu ya 67 anaongea kwa simu na fundi wa Tabora aliyemwahidi kazi, wanabishana kuhusu mashine ya kukoboa iliyowashinda mafundi wengine, na kwa mara ya kwanza tangu barua ionekane anacheka kwa sauti. Basi. Sikuongeza neno. Stesheni anakuwa na tiketi ya kwenda Tabora tu, na barua iko mfuko wa shati.

Zingatia uzito ulingane. Njia moja ikionekana nzuri na nyingine mbaya, msomaji ataona umeshamchagulia. Ndiyo maana kicheko cha sehemu ya 67 kilikuwa cha lazima. Bila hicho, kila mtu angemtaka Bahati avuke ziwa, na Tabora ingeonekana kama kukimbia.

Hapo pia nilifuta mstari niliokuwa nikiupenda sana. Tabora ndipo reli ya kutoka Kigoma inapokutana na ile ya Mwanza na ile ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimemfanya Bahati aseme dirishani kwamba anakwenda mahali ambapo reli inagawanyika kama maisha yake. Watu wa huku wanaijua Tabora, wengi wamelala pale stesheni wakisubiri kuunganisha treni. Wakimsikia kijana wa miaka kumi na minane akiwaeleza maana ya stesheni yao, wanaacha kumwona yeye wanamwona mwandishi.

Dalili: msomaji ameridhika, lakini hakumbuki mwisho

Rasimu ya tatu niliogopa mashimo, nikaongeza kipande kilichoanza na "Miaka kumi baadaye". Bahati ana karakana yake, ana mke na watoto wawili, mmoja amepewa jina la Zuwena. Wote wanne walisema ni nzuri. Wiki moja baadaye nikawauliza wanakumbuka nini cha sehemu ya mwisho. Wawili walikumbuka treni. Karakana na watoto havikukumbukwa na yeyote.

Chanzo ni kwamba nilijibu maswali ambayo hadithi haikuwahi kuyauliza. Kwa sehemu 71 swali lilikuwa moja: je, uongo ule utawavunja hawa wawili? Ndoa ya Bahati haikuwa deni la mtu. Kipande chote nikakitoa. Ikiwa huwezi kulala bila kugusa kesho, mpe mhusika kazi ya kesho asubuhi badala ya hatima ya miaka kumi. Zuwena ana magunia mawili hayajaanikwa. Hiyo inatosha kumwambia msomaji kwamba ataamka na ataendelea.

Dalili: watu wamejaa stesheni

Hadithi ndefu huzaa wahusika wengi wanaopendwa. Mimi nilikuwa nao kumi na mmoja na nikawaleta wote kumsindikiza Bahati. Ni kweli kwetu watu husindikiza, lakini kila aliyefika alidai sentensi yake, na Zuwena akapotea katikati ya umati.

Tiba niliyoiona ni kuwapa wengine kuagana kwao mapema, kila mmoja kazini kwake. Mzee Rashidi aliagana na Bahati sehemu ya 70, kwenye boti, bila neno la kwaheri. Katika sehemu nyingi zilizopita mzee huyu hakuwahi kumwona Bahati akishika spana bila kumsahihisha mkono. Siku ile anampa spana namba 13, Bahati anakaza, mzee anatazama, anageuka kuwasha kiko. Hakusahihisha. Wasomaji waliolia, wengi walilia hapo na siyo stesheni, na sikuona vibaya. Stesheni wakabaki wawili.

Dalili: mtu mmoja anasema "hapo umekosea" na wengine hawajaona

Msikilize huyo mmoja. Rasimu ya nne niliifunga kwa taa za wavuvi zinazowaka ziwani usiku, Zuwena akizitazama kutoka Kibirizi. Mvuvi mmoja akaniambia, kwa upole, kwamba sehemu ya 71, ambayo ni usiku wa kuamkia safari, nilikuwa nimeandika mbalamwezi inayomulika hadi chini ya mikungu. Wavuvi wa dagaa hawatoki mwezi ukiwa mkali namna hiyo, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa wakati ziwa zima lina mwanga. Taa zangu zingetoka wapi?

Picha ya mwisho ndiyo msomaji anayoondoka nayo, kwa hiyo kosa dogo pale lina uzito kuliko kosa lile lile katikati ya hadithi. Ningeweza kuufuta mwezi wa sehemu ya 71. Lakini nilipojiuliza taa zile zinamfanyia nini Zuwena, sikupata jibu. Zilikuwa nzuri tu. Nikaziondoa zote.

Dalili: tukio limekwisha na aya bado zinaendelea

Weka kiganja juu ya aya ya mwisho, soma iliyo juu yake. Ikiwa hakuna kilichopungua kati ya wale wawili, aya iliyofichwa ni yako, siyo ya hadithi. Sogeza kiganja juu tena, hadi ufike mahali ambapo ukikata utapoteza kitendo. Simama hapo.

Kilichonisaidia kupata kitendo hicho ni kuisoma hadithi yangu yote tangu mwanzo, siku mbili mfululizo, nikiandika kila kitu kilichotajwa kisha kikasahaulika. Sehemu zilizokwisha kutumwa huwezi kupanda ndani yake mbegu mpya, ila unaweza kuvuna uliyoipanda bila kujua. Sehemu ya 4 Bahati, akiwa bado mdogo, anavunja kioo cha karabai, na Zuwena anamwambia kwa hasira, "Utakilipa!" Sikuwahi kukirudia kioo kile. Lilikuwa deni halisi, dogo, la zamani, na lilikuwa limetulia likinisubiri. Nilikitaja kidogo sehemu ya 68, Zuwena akisogeza karabai mbovu uvunguni kutafuta begi, ili msomaji wa mwaka jana akumbuke. Ukimkumbushia ndani ya tukio lenyewe, atasikia mwandishi anamnong'oneza.

Rasimu ya tano ilimalizika hivi:

"Maji umebeba?"

"Nimebeba."

"Ukifika Uvinza usishuke-shuke. Treni haimsubiri mtu."

Bahati alifungua begi, akatoa kitu kilichoviringishwa kwenye gazeti. Zuwena alikifungua kona moja, akaona kioo.

"Nilisema utakilipa," akasema.

"Ulisema."

"Karabai yenyewe siku hizi imelala uvunguni. Watu wote taa za betri."

"Najua."

Alikitia kwenye sado lake, juu ya kitambaa alichofungia dagaa wa njiani, kisha akakumbuka kwamba dagaa ni wa Bahati, akawatoa na kumpa. Honi ikalia. Bahati akapanda, akapotea mlangoni, akatokea dirisha la tatu. Behewa likatikisika.

"Mama! Kioo usikiweke kwenye sado, kitavunjika!"

Zuwena alikitoa, akakikumbatia kifuani pamoja na gazeti lake. Akatembea sambamba na dirisha, pole pole, kisha kwa haraka, hadi saruji ilipoishia.

Hapo ndipo kiganja kiliposimama. Chini yake kulikuwa na mistari mitano: machozi, moshi, njia ya kurudi Kibirizi, na Zuwena akijiuliza kama atamwona tena. Swali hilo la mwisho lilikuwa baya kuliko yote, kwa kuwa nilikuwa namwuliza msomaji kitu alichokuwa ameshaanza kujiuliza mwenyewe.

Nilibaki na jambo moja la kuamua. Kwa wiki 71 kila sehemu ilifungwa na neno "Itaendelea". Nilifikiri nisiandike chochote, ili mwisho ubaki wazi kwelikweli. Dada wa migebuka akanikataza. Alisema Ijumaa inayofuata atakaa na simu mkononi akisubiri, na atajiona amedanganywa. Bahati anaweza kwenda popote, lakini msomaji ana haki ya kujua kwamba mimi nimemaliza. Nikaandika "Mwisho", neno moja kwenye mstari wake, nikatuma.